Barua inayobeba saa: maumivu ya mgongo yasiyongoja kesho

Vijana wetu wengi wa Pwani wanaokwenda Nairobi kutafuta riziki hushukia Kibera au Kawangware, kwa sababu ndiko chumba kinakopatikana kwa pesa ya kibarua. Na kazi wanazozipata ni kazi za mgongo: mjengo, mkokoteni, kushusha magunia sokoni. Mgongo ukiuma, kijana hununua dawa kwa kemisti, hulala chali siku mbili, kisha hurudi kazini. Mara nyingi inatosha. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji wowote.

Leo nataka kuyaeleza yale machache yasiyopoa, na karatasi moja inayoandikwa usiku katika chumba cha dharura, yaani kazualti, kwenda kwa daktari mpasuaji wa mifupa. Nimesomea diploma ya tiba ya kliniki na nimeziandika barua za namna hiyo mara nyingi. Moja niliiandika vibaya. Nitakuja kuisema.

Kwanza tuujue mwili. Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe unaotoka kwenye ubongo. Ugwe huo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima huishia kiunoni, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kinachoshuka ni fungu la mishipa ya fahamu, nyuzi nyingi zilizolala pamoja kama singa za mkia wa farasi. Ndiyo maana wataalamu huliita fungu hilo kwa Kilatini, koda ekwina, maana yake mkia wa farasi. Nyuzi hizo ndizo zinazoupa mguu nguvu za kusimamia vidole, ndizo zinazokiambia kibofu kuwa kimejaa, ndizo zinazofunga na kufungua njia ya haja, na ndizo zinazobeba hisia za sehemu za siri.

Baina ya pingili na pingili mna diski, mfano wa mto mgumu wenye ute ndani. Mtu akiinua mzigo mzito kwa kujipinda, diski iliyochakaa yaweza kupasuka na kipande chake kikatokeza nyuma. Kikigusa uzi mmoja, maumivu hushuka mguu mmoja. Hilo lina muda. Lakini kipande kikiwa kikubwa na kikatokeza katikati, hulibana fungu zima. Hapo mishipa hukosa damu, na kila saa inayopita huenda nayo sehemu ya kazi ambayo huenda isirudi.

Dalili zake zina mpangilio. Maumivu yaliyokuwa mguu mmoja huhamia miguu yote miwili, au miguu yote huwa dhaifu. Kisha huja ganzi mahali maalumu: zile sehemu zinazogusa tandiko mtu akipanda punda, yaani makalio, baina ya mapaja na sehemu za siri. Wa Lamu watanielewa upesi. Mara nyingi mgonjwa huigundua chooni. Anachamba, anaona mkono umefika na maji yamemwagika, lakini hayahisi. Baada ya hapo, au pamoja na hapo, mkojo hubadilika: hautoki, au hutoka kidogo kwa kusukuma, au kibofu hujaa bila yeye kujua kisha mkojo ukaanza kuvuja. Kwa mwanamume, nguvu za unyumba nazo huweza kukatika.

Sasa ile barua yangu. Miaka mingi nyuma nilimpokea mtu aliyekuja ameinama, akiulalamikia mgongo. Niliandika: "Maumivu makali ya kiuno tangu siku 4, yameshuka miguuni. Tafadhali mtazame." Sikuandika uongo wowote. Lakini sikumuuliza habari za mkojo, na yeye aliona haya kuzisema. Barua ikafika mezani pamoja na barua nyingine kumi za maumivu ya kiuno, akapewa tarehe ya kliniki wiki ya pili. Alipoonwa, alikuwa ameshaanza kuvaa nepi. Hakuna aliyekataa kumtibu. Barua ndiyo iliyomweka kwenye foleni, na mimi ndiye niliyeiandika.

Tangu hapo nimeelewa kuwa mpasuaji wa zamu hapati nafasi ya kumwona kila mtu usiku. Anaamua nani aletwe sasa na nani asubiri kwa yale aliyoyasikia kwa simu na kuyasoma. Barua ikisema "mgongo", anangojea. Ikisema saa, mkojo na ganzi, anaamka.

Tuchukue mfano, nimeutunga ili kila kitu kionekane. Mwanamume wa miaka 38 anaishi Makina, Kibera, na anasukuma mkokoteni Kawangware. Jumatatu aliinua gunia la viazi akahisi kitu kimekatika kiunoni, maumivu yakashuka mguu wa kulia. Jumatano alidungwa sindano ya maumivu kwa kemisti. Ijumaa asubuhi mguu wa kushoto nao ukaanza. Alikojoa vizuri mara ya mwisho saa 7 mchana. Jioni, saa 12 na nusu, alikwenda chooni kujiandaa kwa Magharibi na hakuyahisi maji alipochamba. Alikaa akifikiri ni uchovu, hata mkewe alipomwona hakojoi ndipo wakatafuta tuktuk. Saa 4 usiku wako kazualti ya hospitali ya karibu, mahali pasipo na mpasuaji wa mgongo.

Daktari anamwambia kwanza akojoe anavyoweza. Yanatoka matone. Kisha anamwekea katheta, ule mrija wa mkojo, na zinatoka mililita 800. Mtu mwenye hisia timamu huanza kuhitaji choo kibofu kikiwa na mililita 150 hadi 200, na akifika 500 hawezi kutulia. Huyu alikuwa na 800 na hakuwa akiumwa na kibofu hata kidogo. Baada ya hapo daktari anauvuta mrija taratibu na kumuuliza kama anahisi. Hahisi. Anampima kwa ncha ya pini safi kuzunguka njia ya haja, kulia na kushoto, kisha kwa kidole chenye glavu anapima nguvu ya misuli inayofunga njia hiyo.

Barua za hospitali zetu huandikwa kwa Kiingereza. Hii nimeiweka kwa Kiswahili ili msomaji aione:

"Kwa daktari wa mifupa wa zamu. Dharura ya usiku huu. Imeandikwa Ijumaa saa 23:00.

Nashuku kubanwa kwa koda ekwina, na mkojo umeshaziba. Mwanamume, miaka 38, mchukuzi wa mizigo.

Jumatatu: maumivu ya kiuno baada ya kuinua mzigo, yakashuka mguu wa kulia. Ijumaa asubuhi: miguu yote miwili. Ijumaa 13:00: mkojo wa mwisho wa kawaida. Ijumaa 18:30: aligundua ganzi ya sehemu ya tandiko. Tangu hapo hajakojoa ila matone. Haja kubwa ya mwisho Alhamisi, haijamtoka bila kujua.

Saa 22:40, baada ya kujaribu kukojoa, katheta ilitoa mililita 800, bila maumivu. Hahisi mrija ukivutwa. Pini: upande wa kulia hahisi, wa kushoto amepungukiwa. Misuli ya njia ya haja imelegea. Hawezi kusimamia vidole vya miguu yote miwili. Mrejeo wa nyundo kwenye vifundo haupo pande zote, magotini upo. Kuinua mguu ulionyooka huishia nyuzi 30 pande zote.

Hana homa, kikohozi wala kukonda. Hajawahi kuugua kifua kikuu wala saratani. Hakuanguka. Presha 128/80, joto 36.8. Dawa: sindano ya diklofenaki Jumatano, kidonge kimoja cha tramado Alhamisi usiku. Hatumii dawa za kuyeyusha damu. Hana mzio wa dawa. Alikula mara ya mwisho 17:00. Tangu 22:20 hajapewa chochote kwa mdomo.

Naomba picha ya MRI ya kiuno na uamuzi wa upasuaji usiku huu. Eksirei sikupiga kwa kuwa haitabadilisha uamuzi. Nimeongea kwa simu na daktari wako wa zamu saa 22:50, amekubali kumpokea. Anaondoka kwa ambulensi na muuguzi. Simu yangu iko hapa chini."

Haya, tuipitie barua hii kwa sehemu chache tu.

La kwanza ni saa. Utaona kila badiliko lina saa yake, na si "siku 4" kama nilivyoandika mimi. Kwa mpasuaji, saa inayohesabiwa si ya gunia, ni ya ganzi na ya mkojo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 uliwakusanya wagonjwa wa tafiti nyingi na kuonyesha kuwa waliopasuliwa ndani ya saa 48 walirudishiwa kibofu na hisia vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Lakini wapasuaji wengi hawaichukulii 48 kuwa ruhusa ya kungoja. Mtu anayekojoa bado, ingawa kwa shida, ana matumaini makubwa kuliko ambaye mkojo umeziba kabisa, na mpaka huo waweza kuvukwa ndani ya saa chache.

Na hapa pana mtego wetu sisi tunaosema Kiswahili. Mgonjwa anasema "tangu saa kumi na mbili na nusu jioni". Daktari mchovu anaandika 12.30. Anayesoma kule anaelewa mchana, na saa 6 zimeongezeka kwenye ugonjwa ambao unahesabiwa kwa saa. Mgonjwa akisema "saa mbili", ni 20:00, si 02:00. Wewe ndugu wa mgonjwa, sema "jioni kabla ya Magharibi" au "baada ya Isha", kisha mwombe daktari akusomee alichoandika.

La pili ni mkojo kwa kipimo. "Hakojoi" ni habari, lakini "mililita 800 bila maumivu baada ya kujaribu" ni ushahidi. Mabaki yakizidi mililita 200 baada ya mtu kukojoa, shaka inakuwa kubwa. Penye mashine ya altrasaundi, kibofu hupimwa bila mrija. Tatizo ni kwamba kuna vitu vingine vinavyoziba mkojo. Tramado yaweza kufanya hivyo, maumivu makali yaweza, na wazee wana tezi dume. Ndiyo sababu dawa zimeandikwa pamoja na siku yake. Mpasuaji atajiuliza kama kidonge kimoja cha Alhamisi chaweza kueleza ganzi ya Ijumaa. Hakiwezi. Dawa huweza kuziba mkojo, lakini haiwezi kumfanya mtu asihisi pini kwenye makalio.

La tatu ni hisia, na hapa ndipo haya zetu zinapotuponza. Kipimo cha pini na cha kidole ni cha sehemu za siri, na wapo wanaokikataa, wapo pia madaktari wanaokiruka ili wasimwaibishe mtu. Mwanamke ana haki ya kuomba daktari wa kike, au muuguzi wa kike awepo na pazia lifungwe. Asipopatikana kwa wakati, wanazuoni wetu wanakubali kuwa tiba ya dharura ina ruhusa yake. Kinachotakiwa ni kipimo kifanywe na kiandikwe pande zote mbili. Na tukumbuke mipaka yake: misuli ya njia ya haja ikiwa bado ina nguvu, hilo peke yake haliondoi ugonjwa. Daktari akiandika "misuli sawa, arudi nyumbani" ilhali mtu ana ganzi ya tandiko na mkojo umebadilika, amekosea.

Pia tazama kuwa daktari amekataa kupoteza muda kwa eksirei. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski wala mishipa ya fahamu. Wagonjwa wengi wametulizwa kwa maneno "picha yako ni safi". Picha inayoonyesha ni MRI, ile inayopigwa kwa sumaku. Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2023 unataka ipigwe ndani ya saa 4 tangu kuombwa. Kwetu mashine hiyo haipo kila hospitali, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza kwa simu kabla ambulensi haijaondoka: mashine inafanya kazi usiku huu? Mgonjwa akiwa na chuma mwilini au MRI ikikosekana kabisa, CT husaidia kiasi.

Mstari wa kifua kikuu na saratani nao si wa kujaza karatasi. Katika nchi yetu kifua kikuu hula pingili, na saratani ya tezi dume au ya titi huenda kwenye mgongo. Usaha au uvimbe ukibana mishipa, dharura ni ile ile lakini upasuaji wake ni mwingine, na dawa huongezwa. Homa, jasho la usiku na kukonda lazima viandikwe, hata kama jibu ni "hana".

Mwisho ni ile simu ya saa 22:50. Kutoka Kibera hospitali ya Mbagathi iko jirani, na Kenyatta, ambayo ni ya ngazi ya 6, haiko mbali. Kutoka Kawangware unashika Barabara ya Naivasha, kisha ya Ngong. Umbali si tatizo kubwa. Tatizo ni kufika mahali pasipokungoja. Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari alikaa jijini Nairobi takriban saa 18 ndani ya ambulensi huku akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, lakini funzo la njiani ni moja: barua bila simu iliyokubaliwa ni karatasi tu. Ndiyo maana jina la aliyepokea simu na saa yake huandikwa ndani.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kuwa matibabu ya dharura ni pamoja na kupanga rufaa pale kituo cha kwanza kisipokuwa na uwezo. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "nenda Kenyatta" na kumwachia atafute tuktuk mwenyewe si rufaa. Habari za bima na malipo ziulizwe, lakini zisishike mlango.

Huyu wetu wa Makina, akifika na picha ikaonyesha kipande kikubwa baina ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu, atapasuliwa nyuma ya kiuno, mfupa mdogo uondolewe na kipande kitolewe. Maumivu ya miguu huenda yakapungua siku chache tu baadaye. Kibofu huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na kwa aliyeziba kabisa hakuna wa kumwahidi kuwa kitarudi chote. Atafundishwa kujitoa mkojo kwa mrija hadi ijulikane.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayelala na mgongo huko bara, mpigie simu na umuulize maswali matatu bila kuzunguka. Maumivu yako mguu mmoja au miwili? Ukichamba, unayahisi maji? Umekojoa saa ngapi mara ya mwisho, na ulijua umemaliza? Jibu la swali la pili au la tatu likikutia shaka, asingoje sindano nyingine ya kemisti wala mtu wa kumchua mgongo. Aende kazualti usiku huo huo, na maneno hayo hayo ayaseme kwa daktari kabla hajataja neno mgongo.